Hisa au mali? Hesabu ya kiwanda cha unga cha milioni 900

Mnunuzi alikuja ofisini akiwa ameshapeana mkono na muuzaji. Bei ilikuwa imekubaliwa, mapicha ya mashine yalikuwa kwenye simu, na kilichobaki, kwa maneno yake, kilikuwa "karatasi tu". Nikamuuliza swali moja: umenunua kampuni, au umenunua vitu vya kampuni? Akacheka. Kwake yeye hilo lilikuwa swali la wanasheria, maana kiwanda ni kile kile, geti ni lile lile, na mahindi yataingia kwa mlango ule ule. Wiki tatu baadaye hakuwa anacheka tena.

Ushauri unaozunguka mitandaoni kuhusu jambo hili ni mmoja, na unarudiwa kama tangazo la redio: muuzaji hutaka kuuza hisa kwa sababu analipa kodi mara moja na kwa kiwango cha chini, na mnunuzi hutaka kununua mali kwa sababu anaanza upya hesabu za uchakavu na haachiwi madeni ya mtu. Ushauri huo ni sahihi kwa nchi nyingi. Kwa Tanzania ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye pesa. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ina kifungu ambacho wahasibu wanakiita kwa namba tu, 56, na kifungu hicho kinazichukua njia mbili zinazoonekana tofauti na kuzifikisha mahali pamoja. Asiyekijua huwa anailipa kodi ya mwenzake.

Tuipige hesabu kwa mfano. Chukua kiwanda cha kusaga na kufungasha sembe, tuseme Morogoro. Kinamilikiwa na kampuni, na kampuni inamilikiwa na mume na mke, wakazi wa Tanzania, ambao waliweka mtaji wa hisa wa shilingi milioni 100. Kampuni ina vitu vitatu vya maana. Cha kwanza ni kiwanja na jengo: kwenye vitabu vya kodi vinasimama kwa milioni 200, sokoni vina thamani ya milioni 600. Cha pili ni mashine, zilizobaki na milioni 80 baada ya uchakavu wa miaka yote, ilhali mtu angezinunua leo kwa milioni 180. Cha tatu hakishikiki: jina lililo kwenye mfuko, wenye maduka waliozoea kuagiza hapo, na dereva anayejua nani hulipa Ijumaa. Hicho hakina gharama yoyote kwenye vitabu, lakini mnunuzi amekubali kukilipia milioni 120. Jumla ni milioni 900. Gharama ya kikodi ni milioni 280, kwa hiyo faida iliyojificha ndani ya kampuni ni milioni 620. Mahindi yaliyo stoo na madeni ya wauza mahindi tuyaache yalipane yenyewe.

Njia ya kwanza: mnunuzi ananunua mali. Anayeuza hapa ni kampuni, wala si wale wanandoa, na hapo ndipo wengi huanza kuteleza. Pesa inaingia kwenye akaunti ya kampuni, na faida ya milioni 620 inaingia kwenye mapato ya biashara yanayotozwa asilimia 30. Kodi ni milioni 186. Zinabaki milioni 714 ndani ya kampuni. Wanandoa wakitaka kuziweka mfukoni, mtaji wao wa milioni 100 unarudi bila kodi, na milioni 614 zinazozidi zinakatwa asilimia 10, yaani milioni 61.4. Mwisho wa yote mezani kwao kuna milioni 652.6.

Njia ya pili: mnunuzi ananunua hisa zote. Sasa wauzaji ni wanandoa wenyewe. Wamepokea milioni 900, gharama yao ilikuwa milioni 100, faida ni milioni 800, na mkazi hutozwa asilimia 10 kwa faida ya kuuza hisa za kampuni binafsi. Wanalipa milioni 80, wanabaki na milioni 820. Ukilinganisha na zile 652.6 za mwanzo unaelewa kwa nini muuzaji yeyote mwenye akili timamu, akishauriwa na mtu aliyesoma nusu ya sheria, atang'ang'ania hisa hadi dakika ya mwisho.

Ila hesabu haijaisha. Umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, ukilinganishwa na hali ilivyokuwa wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyotangulia, sheria inaichukulia kampuni yenyewe kuwa imeuza mali zake zote kwa thamani ya soko, dakika moja kabla ya mabadiliko hayo. Hakuna kilichohama. Mashine hazijasogea hata inchi. Lakini kwa macho ya TRA kampuni imeuza kiwanja, mashine na kila ilichonacho, na ile faida ya milioni 620 imejitokeza. Asilimia 30 yake ni zile zile milioni 186, na mdaiwa ni kampuni. Kampuni hiyo sasa ni ya nani? Ya mnunuzi. Wanandoa wameshaondoka na milioni 820 zao, na mgeni aliyedhani amenunua kiwanda kwa milioni 900 amekinunua kwa milioni 1,086.

Sasa mpe mnunuzi huyo mshauri anayejua. Atasema: kwa kuwa kampuni inakuja na deni la milioni 186, bei ya hisa si 900, ni 714. Wanandoa wanauza kwa milioni 714, faida yao ni milioni 614, wanalipa asilimia 10 ambayo ni milioni 61.4, wanabaki na milioni 652.6. Rudi juu uangalie njia ya kwanza. Ni namba ile ile, hadi senti.

Si bahati. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 kwa njia zote mbili, na kodi ya mwenye hisa ni asilimia 10, iwe anapokea mgao au anauza hisa. Ukishakubali kwamba kununua zaidi ya nusu ya hisa kunaamsha kodi ndani ya kampuni, ule mvutano maarufu wa "mimi nataka hisa, wewe unataka mali" unakosa chakula. Kinachobaki ni swali la nani ameliweka deni hilo kwenye bei na nani amelisahau. Kwa uzoefu wangu, anayesahau ni mnunuzi, kwa sababu kwenye meza ya mazungumzo muuzaji hana sababu ya kumkumbusha.

Chimbuko la kifungu hiki kuwa kikali namna hii linaeleweka ukikumbuka mwaka 2010, Bharti Airtel ya India iliponunua biashara ya simu ya Zain katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Minara ilikuwa Dodoma, Gulu na Lubumbashi, lakini kilichouzwa kwenye karatasi kilikuwa hisa za kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. Uganda ilidai kodi ya takriban dola milioni 85, kesi ikapanda ngazi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya huko ikasema mamlaka ya mapato ilikuwa na haki ya kutoza. Tanzania ilikuwa imeshafunga mlango wake kwa Sheria ya Fedha ya 2012: badala ya kumkimbiza muuzaji aliyeko ng'ambo, inaibana kampuni iliyoko hapa hapa, yenye kiwanja kisichoweza kupanda ndege. Wavu ulitengenezwa kwa ajili ya papa, lakini matundu yake ni madogo, na dagaa wa Morogoro wanakamatwa vile vile.

Hapa ndipo napenda kumpeleka mteja kwenye tofauti ya asilimia 50 na 51, maana humo mna mambo ambayo watu hawayaamini mpaka waone. Sheria inasema zaidi ya asilimia 50. Ukinunua nusu kamili, kampuni haidaiwi chochote kwa kifungu hicho. Wanandoa wanalipa asilimia 10 yao na maisha yanaendelea. Ongeza hisa moja tu ukapita mstari, na kodi inayoamka si ya ile hisa moja, wala si ya asilimia 51. Ni ya mali zote. Hisa hiyo moja ina gharama ya milioni 186. Na ukinunua 51 huku muuzaji akibaki na 49, deni hilo linawala wote wawili, kwa sababu ni la kampuni mnayomiliki pamoja. Nimewahi kumwona muuzaji aliyebakiza hisa chache "kwa ajili ya heshima" akigundua kwamba heshima hiyo nayo inadaiwa kodi.

Basi watu wanafikiria ngazi: nichukue asilimia 30 mwaka huu, nyingine 25 mwakani. Haisaidii. Kipimo ni wakati wowote ndani ya miaka 3 iliyopita, kwa hiyo mwakani ukifika 55 utalinganishwa na sifuri ya mwaka juzi, na kengele inalia. Kwa mistari ya kifungu chenyewe, anayechukua nusu leo na nusu iliyobaki baada ya miaka 3 kupita hajavuka. Lakini fikiria maana yake kwa binadamu wa kawaida. Miaka 3 unagawana kampuni nusu kwa nusu na mtu aliyechoka na biashara, hakuna mwenye kura ya kuamua, na ukiandika pembeni mkataba unaokupa mamlaka yote kabla ya wakati, TRA wana uwezo wa kisheria wa kuupuuza mpango uliofanywa kwa ajili ya kukwepa kodi na kuutazama kwa sura yake halisi. Kwa kiwanda cha ukubwa huu, ningekaa mbali na ujanja huo.

Kama namba zinakutana, kwa nini basi mtu ajali njia ipi? Kwa sababu zinakutana kwenye karatasi yangu, ambako kila mtu anakubali kwamba kiwanja ni milioni 600. Kwenye ununuzi wa mali, thamani ni bei iliyolipwa kati ya watu wawili wasiojuana, na bei hiyo ina risiti, mkataba na taarifa ya benki nyuma yake. Kwenye hisa hakuna aliyelipia kiwanja. Kuna bei ya hisa, halafu kuna ripoti ya mthamini ya kila kitu kilichomo ndani. Mthamini wako akisema 600 na afisa wa kodi akiona kiwanja cha jirani kimeuzwa kwa bei inayofanya chako kiwe 900, tofauti ya milioni 300 inazaa kodi ya milioni 90 ambayo haikuwa kwenye mazungumzo yenu. Muuzaji ameshaondoka. Pingamizi utaliandika wewe.

Hatari ya pili ni historia. Ukinunua hisa unanunua ritani zote za miaka iliyopita, pamoja na kodi za mishahara ambazo hazikupelekwa, michango ya NSSF ya vibarua ambao kwenye vitabu hawapo, na mauzo yaliyofanyika bila risiti ya mashine. TRA wanaweza kurudi nyuma miaka 5 kurekebisha makadirio, na palipo na udanganyifu ukomo huo haumlindi mtu. Njia ya kuligundua hili si ngumu. Mimi huanza na bili ya umeme. Kinu kina hamu yake ya umeme kwa kila tani, na fundi wa pale pale atakuambia. Ukizidisha kwa miezi 12 unapata tani zilizosagwa. Linganisha na tani zilizouzwa kwenye ritani za VAT na za kodi ya mapato. Pengo likiwa kubwa, kampuni hiyo ina kodi inayosubiri mwenye kampuni, na mwenye kampuni anakaribia kuwa wewe.

Kitu cha tatu ni hasara. Mara kwa mara nasikia mtu akisifia kampuni kwamba "ina hasara za kikodi za milioni 400, ukiinunua hulipi kodi miaka mitano". Umiliki ukivuka nusu, hasara za zamani hazivuki nao kwenda kupunguza faida za mwenye kampuni mpya. Kabla ya kufa zinaweza kusaidia kupunguza ile faida ya kudhaniwa iliyotokana na mabadiliko yenyewe, na hilo linafaa kuingizwa kwenye hesabu ya bei, lakini anayelipa ziada kwa ajili ya hasara za mwenzake amenunua hewa.

Kwa upande wa mali, gharama za njiani zipo pia. Ukinunua mashine moja moja, VAT ya asilimia 18 inazikalia, na hata kama utairudisha baadaye kwenye ritani zako, kuna miezi ambayo pesa hiyo haipo mkononi. Ukinunua biashara nzima ikiwa inatembea, na nyote wawili mmesajiliwa, mauzo hayo yanaweza kuwekwa nje ya VAT, mradi TRA wapewe taarifa na mkataba uonyeshe kweli kwamba kilichohama ni biashara kamili, si lundo la vyuma. Ushuru wa stempu ni karibu asilimia 1 kote kote: kwenye kiwanja cha milioni 600 ni kama milioni 6, kwenye hisa za milioni 714 ni milioni 7 na kidogo. Huo hauamui kitu. Jirani yetu Kenya ndiko unakoamua, maana kule hisa ni asilimia 1 lakini kiwanja cha mjini ni asilimia 4. Muuzaji wa hisa analipa asilimia 15 ya faida yake, kiwango kilichopanda kutoka 5 mwanzoni mwa 2023, na mali zilizomo ndani ya kampuni zinaendelea na gharama zake za zamani. Kwa hiyo mkataba mzuri ulioandikwa na wakili wa Nairobi, ukiuleta Morogoro bila kuufumua, unaweza kuwa na kurasa 60 zisizo na sentensi moja inayohusu deni lako kubwa kuliko yote.

Tuseme wamekubaliana kununua mali. Sasa kuna kazi ya kugawa zile milioni 900, na hapa mnunuzi ana nafasi ambayo mara nyingi haitumii. Mashine za kiwandani zinapunguzwa asilimia 25 kila mwaka kwa salio linalobaki. Kwa kiwango hicho peke yake, katika mwaka wa kwanza mashine za milioni 180 zinampa punguzo la milioni 45, sawa na kodi ya milioni 13.5 isiyolipwa. Jengo la kiwanda linakwenda polepole, asilimia 5 kwa mwaka. Ardhi haipati chochote. Na lile jina zuri, wateja na mazoea, ambayo mnunuzi ameyalipia milioni 120? Sheria imeyataja kwa jina na kuyatoa nje ya mali zinazochakaa. Hayapunguzi hata shilingi. Kwa nchi kama Marekani, ambako gharama ya namna hiyo hutawanywa kwa miaka 15, mnunuzi huyalilia. Kwetu ni pesa iliyolala hadi siku utakayouza tena.

Kinachovutia ni kwamba muuzaji hana sababu kubwa ya kupinga mgawanyo. Kwake kila kitu kinaishia asilimia 30, iwe mashine, jengo au jina. Hivyo mnunuzi akisema mashine tuziandike 200 na jina 100, muuzaji atakubali bila kelele, mradi jumla ibaki pale pale. Mwisho wa uhuru huo ni thamani halisi. Mashine ya kusagia ya mwaka 2009 haiwezi kuwa na bei ya mpya, na kiwanja kina mthamini wa serikali ambaye hasikilizi mapatano yenu. Fanya orodha yenye namba za mashine moja moja, kibao kwa kibao. Nimeshika mikononi mkataba ulioandika "mashine mbalimbali na vifaa vyake, milioni 250", na sijui mtu angemjibu nini afisa wa kodi akiuliza "mbalimbali" ni zipi.

Kwenye hisa kuna kosa pacha la hilo, na ni kosa la wahasibu. Kampuni ikishachukuliwa kuwa imeuza mali zake kwa thamani ya soko, inachukuliwa pia kuwa imezinunua upya kwa thamani hiyo hiyo. Maana yake, mashine ambazo zilikuwa 80 zinaanza tena kwa 180. Sasa chukua ritani ya mwaka unaofuata wa kampuni iliyouzwa hivyo na uangalie jedwali la uchakavu. Ukikuta salio la mwanzo ni lile lile la zamani, kampuni imelipa kodi ya faida ya milioni 100 kwenye mashine na haijachukua punguzo linaloendana nayo. Punguzo la milioni 100 lina thamani ya milioni 30 za kodi kwa miaka inayokuja, na linakaa pale bila mtu kuliokota, kwa sababu mhasibu alinakili faili la mwaka jana.

Nirudi kwa mteja wangu aliyekuja anacheka. Mkataba wake ulikuwa wa hisa, na ulikuwa na kipengele cha kodi alichonionyesha kwa kujiamini: "Muuzaji atalipa kodi zote zitokanazo na mauzo ya hisa." Unasikika kama unamaliza kila kitu. Lakini kodi itokanayo na mauzo ya hisa ni ile asilimia 10 ya muuzaji. Ile nyingine haitokani na mauzo ya hisa kwa lugha ya sheria. Ni kodi ya kampuni, itokanayo na mali za kampuni kudhaniwa zimeuzwa. Muuzaji alisimama juu ya maneno hayo, akalipa asilimia 10 yake, na kwa mkataba ule alikuwa na hoja. Siku hizi naandika kwa urefu usiopendeza: kodi yoyote ya kampuni itokanayo na kubadilika kwa umiliki, itakayokadiriwa wakati wowote, pamoja na riba na adhabu, ni ya muuzaji, na sehemu ya bei inabaki kwenye akaunti ya wakili hadi makadirio ya TRA yatoke na kulipwa. Muuzaji akikataa kuacha hata shilingi kwa wakili, basi bei ishuke siku ile ile. BRELA hawabadilishi majina ya wenye hisa bila uthibitisho wa kodi kutoka TRA, kwa hiyo mjadala huu utafika tu. Afadhali ufike kabla pesa haijahama.

Upo pia mkanganyiko mmoja ambao unaweza kugeuza hesabu yote, na ni wa kawaida mno kwenye biashara za familia. Omba hati ya kiwanja na usome jina. Mara nyingi utakuta si la kampuni, ni la mzee mwenyewe, aliyenunua kiwanja kabla kampuni haijazaliwa na hakuona haja ya kuhamisha. Ukiwa umenunua hisa zote za kampuni, kiwanja hujakinunua. Una mashine zilizokaa kwenye ardhi ya mtu. Kwa mzee, hata hivyo, uvivu huo ni neema. Akiuza kiwanja na jengo kwa jina lake, faida ya milioni 400 inatozwa asilimia 10, milioni 40 basi. Vingekuwa ndani ya kampuni, kampuni ingelipa milioni 120, na milioni 280 zilizobaki zingekatwa nyingine 28 wakati wa kumfikia yeye. Ni milioni 148 dhidi ya 40. Wala usijaribu kukitoa kiwanja kwenye kampuni wiki moja kabla ya kuuza, maana kampuni inayompa mwanahisa wake mali inahesabiwa imeiuza kwa bei ya soko.

Msimamo wangu, kwa biashara za ukubwa huu, ni kununua mali. Kodi zikiwa sawa, naona heri kubishana bei na muuzaji aliye mbele yangu kuliko kubishana thamani na TRA baada ya yeye kuondoka. Nabadili mawazo pale kitu cha thamani kinapogoma kuhama: leseni isiyohamishika bila kuombwa upya, mkataba wa kusambaza unga kwa taasisi ambao unakufa ukibadilisha jina, au mkopo wa benki wa riba nzuri. Mnunuzi mgeni naye ana hesabu yake, kwa sababu hawezi kushika ardhi kama raia, na kampuni ikishakuwa na wageni wengi kuliko wazawa inaingia kwenye utaratibu huo huo wa ardhi, kwa hiyo hisa hazimwokoi kama anavyoambiwa. Na muuzaji anayetaka kuendelea na biashara nyingine anapaswa kukumbuka kwamba baada ya kuuza mali, milioni 714 zinaweza kukaa ndani ya kampuni na kununua lori au shamba bila kuikata ile 61.4 yote kwanza. Anayeuza hisa hana chaguo hilo.

Mteja wangu alimaliza kwa kugawana lile deni na muuzaji, sehemu mbili kwa moja, baada ya miezi minne ya barua. Mwezi uliopita alinipigia. Kuna kiwanda kingine cha unga, barabara ile ile, mwenyewe anataka kustaafu. Kabla hata ya kutaja bei alinisomea jina lililoandikwa kwenye hati ya kiwanja.